Watu 688 kati ya 600

Ripoti ilikuwa na kurasa 14, na ukurasa wa pili uliachwa kwa namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa: watu 5,620,000 wamefikiwa. Kampeni ilikuwa ya taasisi moja ya afya. Kwa wiki nne ilikuwa ikiwaalika watu wazima wa Mkoa wa Dar es Salaam waende kupimwa presha na sukari bila malipo. Tangazo lilipita Facebook, Instagram, TikTok, YouTube na kituo kimoja cha redio. Aliyejumlisha zile namba ni mimi, nikiwa upande wa wakala wa matangazo. Taasisi siitaji, na namba za kampeni nimezizungusha kidogo ili isitambulike, lakini uwiano kati yake ni ule ule.

Siku ya kuwasilisha, mkurugenzi wa mawasiliano alifurahi. Mhasibu wao, mzee aliyekuwa kimya tangu kikao kianze, akainua kichwa akaniuliza, "Kijana wangu, mkoa huu una watu wangapi?"

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ndani ya hesabu hiyo wamo watoto wachanga na wanafunzi wa msingi. Sisi tulilenga wenye miaka 18 na kuendelea. Tulikuwa tumeripoti kufikia watu wengi kuliko wakazi wote wa mkoa, kwa tangazo ambalo watoto hawakulengwa kuliona. Niliomba siku kumi nirudi na maelezo.

Kosa hili si geni, hata kwa wakubwa. Septemba 2017, mchambuzi Brian Wieser wa kampuni ya Pivotal Research alionyesha kwamba zana ya Facebook ya kuwauzia watangazaji ilikuwa ikidai inaweza kuwafikia Wamarekani milioni 41 wa miaka 18 hadi 24, wakati takwimu za sensa za nchi hiyo zilikuwa na takriban milioni 31 tu wa umri huo. Facebook ilijibu kwamba makadirio yake hayakukusudiwa kulingana na sensa. Pale tatizo lilikuwa ndani ya jukwaa moja. Kwetu yalikuwa majukwaa manne na redio, na kila moja lilikuwa limehesabu kivyake.

Zilizotoa jumla ile zilikuwa namba tano: Facebook 1,150,000, Instagram 1,020,000, TikTok 1,240,000, YouTube 850,000 na redio 1,360,000. Nne za kwanza nilizisoma kwenye mifumo ya matangazo ya majukwaa yenyewe, safu ya `Reach`. Kwa Google Ads safu hiyo inaitwa `Unique users`. Ya redio ilitokana na utafiti wa wasikilizaji ambao kituo kilitupatia. Kila namba, ukiiangalia peke yake, ina maana yake. Jukwaa linajua akaunti ipi imeona tangazo, na akaunti hiyo ikiliona mara tisa bado inahesabiwa moja. Yaani marudio ya akaunti ile ile ndani ya jukwaa yameshaondolewa. Yasiyoondolewa ni ya kati ya jukwaa na jukwaa, kwa sababu TikTok haina njia ya kujua kwamba akaunti iliyoona tangazo kwake saa mbili usiku ni ya yule yule aliyelisikia redioni asubuhi akiwa kwenye daladala.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaijua kazi hii. Kuna orodha ya familia, ya kazini, ya kanisani au msikitini, na ya kundi la WhatsApp la mtaani. Kabla ya kuagiza chakula, katibu anazilaza zote mezani na kukata majina yanayojirudia: Mama Neema yupo kwenye orodha tatu, lakini sahani yake ni moja. Katibu anaweza kukata kwa sababu ana majina. Sisi hatukupewa majina. Tulipewa urefu wa kila orodha tu, na kutoka kwenye urefu wa orodha tano huwezi kujua ni majina mangapi yamejirudia.

Kinachoweza kujulikana ni mipaka. Idadi halisi haiwezi kushuka chini ya orodha ndefu kuliko zote, kwa hiyo tulifikia angalau watu 1,360,000, wale wa redio, kama kweli kila aliyeona mtandaoni alisikia pia redioni. Na haiwezi kuzidi idadi ya watu wazima waliopo. Kwa kazi hii nilichukua watu wazima milioni 3.4 mkoani, hilo ni kadirio langu la kufanyia kazi, si namba ya sensa. Ukweli basi ulikuwa mahali fulani kati ya milioni 1.36 na milioni 3.4. Upana huo haumsaidii mtu kupanga bajeti.

Watu wa mipango ya matangazo wana njia ya zamani ya kuupunguza, inayoitwa fomyula ya Sainsbury. Unageuza kila namba kuwa sehemu ya watu wazima, kisha unachukulia kwamba kukutana na tangazo sehemu moja hakuongezi wala hakupunguzi uwezekano wa kukutana nalo kwingine. Unazidisha sehemu za waliokosa kila mahali, unapata waliokosa kote, na waliobaki ndio waliofikiwa:

```
1 - (1-0.338)(1-0.30)(1-0.365)(1-0.25)(1-0.40) = 0.868
```

Asilimia 86.8 ya milioni 3.4 ni kama milioni 2.95. Jumla yangu ilikuwa imeshapungua kwa karibu nusu kwa hesabu ya mstari mmoja. Ningeweza kuishia hapo, na najua ripoti nyingi zinazoishia hapo. Lakini dhana iliyo ndani ya fomyula hii haifanani na maisha ya Dar es Salaam. Mwenye simu janja na bando yupo Instagram, yupo TikTok, na YouTube anaangalia nyimbo. Asiye na simu janja hayupo popote kati ya hizo nne. Kuwa sehemu moja kunaongeza sana uwezekano wa kuwa nyingine, kwa hiyo watu wanarundikana pale pale na marudio yanakuwa makubwa kuliko fomyula inavyodhani. Milioni 2.95 nayo ilikuwa kubwa mno, ila sikujua kwa kiasi gani.

Ndipo tukaamua kuwauliza watu wenyewe. Tulipiga simu namba zilizochaguliwa bila mpangilio mpaka tukakamilisha mahojiano 600 na watu wazima wakazi wa mkoa. Maswali yalikuwa machache: umri, kama anatumia intaneti kwenye simu, kisha tulimweleza tangazo bila kumtajia lilipopita na kumwuliza kama aliwahi kukutana nalo. Akisema ndiyo, tulimwuliza ni wapi, tukamsomea sehemu zote tano moja moja. Hapo kwenye kumsomea zote ndipo palipobeba utafiti mzima. Ukiuliza "uliliona wapi?" ukanyamaza, mtu anakutajia sehemu moja iliyomjia kwanza na marudio yote yanapotea.

Baadhi ya simu nilizipiga mwenyewe. Fundi cherehani mmoja wa Mbagala alinijibu huku cherehani ikisikika nyuma. Redio inawaka ofisini kwake kutwa, kwa hiyo tangazo alilisikia "mpaka nikalikariri, kaka". Instagram anayo kwa ajili ya kuangalia mishono, na tangazo lilimpitia huko. TikTok mdogo wake alimtumia ile video, naye akaikuta tena yenyewe siku nyingine. Facebook ana akaunti mbili, ya zamani aliyosahau namba ya siri lakini bado imefunguka kwenye simu ya mumewe, na mpya. Anakumbuka kuliona kwenye ile mpya. Katika jumla yangu ya milioni 5.62, mama huyu mmoja alikuwa watu wanne, na pengine watano.

Mahojiano yalipokwisha niliweka majibu kwenye jedwali, mstari mmoja kwa mtu mmoja, safu moja kwa sehemu moja. Waliotaja Facebook walikuwa 142, Instagram 131, TikTok 156, YouTube 88, redio 171. Nikazijumlisha kama nilivyojumlisha za ripoti. Jumla ikaja 688.

Tulikuwa tumehoji watu 600.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipoonekana wazi kuliko maelezo yoyote niliyokuwa nimeandaa. Nilikuwa na jedwali ambalo kila mtu yumo mara moja tu, najua kwa hakika kwamba mistari ni 600, na bado kujumlisha safu kulinipa watu 688 "waliofikiwa". Safu zinahesabu kukutana. Mistari ndiyo inayohesabu watu. Nilipohesabu mistari yenye alama angalau moja, nilipata 318, yaani asilimia 53. Kila mmoja wao alikuwa amekutana na tangazo sehemu zaidi ya mbili kwa wastani.

Asilimia 53 ya milioni 3.4 ni watu milioni 1.8. Kwa sampuli ya 600 namba hiyo inaweza kupanda au kushuka kama pointi nne, kwa hiyo tuseme kati ya milioni 1.67 na milioni 1.94. Lakini hii nayo ina kasoro zake, na nilizieleza kwa taasisi kabla hawajaniuliza. Hao ni wanaokumbuka. Tangazo la sekunde sita lililopita kwenye YouTube mtu akisubiri wimbo lilihesabiwa na mfumo, ila kichwani mwake huenda halikubaki. Pia, anayepigiwa simu ni mwenye simu, kwa hiyo wasio nayo kabisa hawakuwamo kwenye sampuli. Kasoro ya kwanza inashusha namba, ya pili inaelekea kuipandisha, na kipimo cha kila moja sikuwa nacho.

Kwa hiyo nilitafuta dari kwa njia nyingine. Kati ya wale 600, waliosema wanatumia intaneti kwenye simu walikuwa 366, sawa na asilimia 61. Kwa kadirio la watu wazima milioni 3.4, hao ni kama milioni 2.07. Majukwaa manne ya mtandaoni, yakijumlishwa, yalikuwa yamedai milioni 4.26, zaidi ya mara mbili ya watu wote wanaoweza kuwa huko. Hata tukisema kila mtumiaji wa intaneti, bila kubaki mmoja, aliona tangazo, dari ya mtandaoni ni milioni 2.07. Juu yake unaongeza wasio na intaneti waliofikiwa na redio. Wasio na intaneti ni takriban milioni 1.33, redio ikiwafikia kwa kiwango kile kile cha asilimia 40 iliyojidai kwa watu wote, ni kama laki tano na elfu thelathini. Dari inakuwa milioni 2.6. Fomyula ya Sainsbury ilikuwa imevuka dari hiyo kwa zaidi ya laki tatu.

Sentensi niliyoandika kwenye ripoti mpya ilikuwa ndefu, na mkurugenzi wa mawasiliano hakuipenda mara ya kwanza: "Takriban watu wazima milioni 1.8 wanakumbuka kukutana na tangazo. Waliopata nafasi ya kukutana nalo hawaelekei kuzidi milioni 2.6." Aliniambia, "Kaka, wafadhili wanataka namba moja." Nilimwomba basi aitumie ya kwanza na aseme waziwazi kwamba ni ya wanaokumbuka.

Lakini namba ya jumla haikuwa hasara kubwa kuliko zote. Ripoti ya kwanza ilikuwa na jedwali la gharama kwa kila mtu aliyefikiwa, na kwenye jedwali hilo redio ilikuwa ghali kuliko majukwaa yote. Taasisi ilishaanza kuzungumza juu ya kuikata na kuhamishia fedha YouTube, ambako mtu mmoja alionekana wa bei rahisi. Nilirudi kwenye mistari na kuuliza swali tofauti: kama sehemu hii isingekuwepo, ni nani asingelijua tangazo kabisa? Yaani wenye alama moja tu, na alama hiyo ipo kwenye safu hii.

YouTube peke yake: watu 5. Instagram 11, Facebook 23, TikTok 34. Redio peke yake: 82.

Waliotaja YouTube walikuwa 88, na 83 kati yao walikuwa wameshakutana na tangazo kwingine. Tulikuwa tumeipa takriban moja ya sita ya bajeti, na kwa fedha hizo ilituletea watu wapya watano katika 600. Sisemi YouTube haikufanya kazi yoyote, kwa sababu kulisikia jambo mara ya pili na ya tatu kunaweza ndiko kunakomtoa mtu nyumbani. Ninachosema ni kwamba gharama kwa kila aliyefikiwa, ikihesabiwa kwa namba za jukwaa lenyewe, inagawanya fedha kwa watu ambao jukwaa lingine limeshawalipia. Na redio iliyoonekana ghali ndiyo iliyokuwa na watu wake yenyewe: 61 kati ya wale 82 hawakuwa na intaneti kwenye simu.

Tena presha haichagui wenye bando. Wenye miaka 50 na kuendelea tuliowahoji walikuwa 96, na waliokutana na tangazo popote pale walikuwa 37. Kundi lililohitaji zaidi kupimwa ndilo tulilolifikia kidogo, na jumla ya milioni 5.62 ilikuwa imelificha kabisa, maana jumla iliyozidi mkoa haimwachi mtu nje.

Katika zile siku kumi niligundua pia makosa mawili ya namna nilivyopanga na kusoma namba, ambayo yangeweza kupunguzwa mapema. La kwanza lilikuwa kwenye rasimu tu, lakini nimeliona kwa wengi: kujumlisha wiki. TikTok kila wiki ilionyesha karibu akaunti laki tano, na wiki nne zilijumlishwa zikawa milioni 1.93. Nilipoweka tarehe ya mwanzo na ya mwisho wa kampeni kwenye mfumo na kusoma kipindi kizima, ilikuwa milioni 1.24. Aliyeona wiki ya kwanza ndiye aliyeona ya tatu. Maonyesho, yaani mara zote tangazo lilipoonyeshwa, yale ya safu ya `Impressions`, yanajumlishika wiki kwa wiki. `Reach` haijumlishiki, hata ndani ya jukwaa moja.

La pili ni Facebook na Instagram. Zote ni za Meta, na mfumo wake wa matangazo unaweza kuondoa marudio kati yake, ila lazima usome mstari wa jumla unaozihusisha zote mbili. Mimi nilikuwa nimezifungulia kampeni mbili kwenye akaunti mbili za matangazo, kwa sababu bajeti zilikuja kwa nyakati tofauti, na nikasoma ripoti ya kila akaunti kivyake. Awamu ya pili ya kampeni niliziweka pamoja. Nilipoigawa ripoti kwa jukwaa, Facebook ilikuwa 1,120,000 na Instagram 980,000. Mstari wa jumla ulisema 1,620,000. Karibu laki tano walitambuliwa kuwa ni wale wale. Na hata huo mstari si wa mwisho: tangu 2021 Meta inahesabu akaunti za Facebook na Instagram za mtu mmoja kuwa watu wawili kama hajaziunganisha kwenye `Accounts Center`. Yule fundi wa Mbagala, akaunti zake hazijaunganishwa.

Uingereza watangazaji, kupitia chama chao cha ISBA, wamejenga mfumo uitwao Origin. Majukwaa hayatoi majina ndani yake. Yanawapachika waliotazama kwenye watu wa kubuni, kwa kanuni moja inayotumika kwa wote, na kundi la watu halisi waliokubali kufuatiliwa linatumika kusahihisha mwingiliano. Hiyo ndiyo kazi ya katibu wa harusi bila kuyaona majina. Sisi katika kampeni hii tulikuwa na simu, jedwali na mahojiano 600.

Awamu ya pili tuliiondoa YouTube na fedha zake zikaenda kwenye kituo cha pili cha redio, chenye kipindi cha asubuhi kinachosikilizwa na watu wazima zaidi. Baada ya wiki nne tulipiga tena simu 600. Kwa mazoea yangu ya zamani, jumla ya awamu hii ingekuwa 4,880,000, pungufu ya ile ya kwanza kwa zaidi ya laki saba, na pengine ningeandika kwamba kampeni imeshuka. Waliokumbuka tangazo walikuwa 331, dhidi ya 318 wa mwanzo, tofauti ambayo kwa sampuli hii siwezi kuiita ongezeko. Wenye miaka 50 na kuendelea walikuwa 99 safari hii, na waliokutana na tangazo walikuwa 54.